Mkataba unasema 800,000, benki zimeingia 532,000: jinsi ya kukagua hati ya kwanza ya mshahara wa mwalimu

Kila ajira mpya za walimu zinapotoka, mwisho wa mwezi wa kwanza swali huwa lile lile: "Barua yangu inasema mshahara huu, mbona iliyoingia benki ni pungufu kiasi hiki? Nimeibiwa?" Mara nyingi hakuna aliyeibiwa. Lakini zipo hati zenye makosa ya kweli, na asiyejua kuzisoma hawezi kutofautisha kato la halali na kosa la kuingiza taarifa. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kukokotoa mshahara wako mwenyewe kwa kalamu na kikokotoo, mstari kwa mstari, kabla hujamfuata afisa utumishi.

Tutakwenda na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni mwalimu kijana mwenye shahada, ameajiriwa na halmashauri kufundisha sekondari ya kata, na alisoma chuo kwa mkopo wa serikali. Mshahara wake kwa mwezi tuuweke shilingi 800,000. Namba hiyo imechaguliwa kwa wepesi wa hesabu. Wewe weka ya kwako. Mwezi wa kwanza kamili, ujumbe wa benki ulimwambia zimeingia 532,000. Pengo ni 268,000, theluthi ya mshahara wake, na hakuna aliyekuwa amemwambia mapema.

Mwongozo ni wa Tanzania Bara. Zanzibar kuna mfuko wake wa hifadhi, ZSSF, na taratibu zake. Walimu wa shule binafsi wana sehemu yao fupi baada ya hatua.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Barua ya ajira, ile yenye daraja lako (TGTS) na kiasi cha mshahara.
- Nakala ya fomu au barua inayoonyesha tarehe uliyoripoti kituoni.
- Hati ya mshahara yenyewe. Mtumishi wa umma huipata kwenye mfumo wa ESS, `ess.utumishi.go.tz`, kwa kutumia cheki namba. Ujumbe wa benki hautoshi, kwa sababu unaonyesha kilichobaki tu na si kilichokatwa.
- Ujumbe wa benki au taarifa fupi ya akaunti ya mwezi huo.
- Kama ulikopa chuo, namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Bodi ya Mikopo humtambua mkopaji kwa namba hiyo.
- Kikokotoo cha simu na karatasi.

Jambo moja la kushika kabla ya hatua ya kwanza: kiasi kilichoandikwa kwenye barua ya ajira ni mshahara wa msingi kabla ya kukatwa chochote. Barua haitaji makato, na hilo ndilo linalowachanganya wengi. Kila kato lina kiwango chake na lina msingi wake wa kukokotolewa. Moja tu kati ya hayo, yaani kodi, halipigwi kwenye mshahara mzima.

Hatua ya 1: Linganisha mstari wa juu na barua yako

Usianze na makato. Anza na mshahara wa msingi uliochapishwa juu ya hati, na daraja lililoandikwa karibu na jina lako. Mwalimu wa cheti huanza TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D. Kama barua yako inasema D na hati inasema C, simama hapo hapo. Hesabu zote za chini zitakuwa zimejengwa juu ya mshahara usio wako, na hata zikijumlika sawasawa bado unapunjwa.

Angalizo: usilinganishe hati yako na majedwali ya ngazi za mishahara yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mengi ni ya zamani. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka 300,000 hadi 370,000 mwaka 2022, kisha kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na ngazi za juu zikasogezwa kila mara. Jedwali lisilo na tarehe halikusaidii chochote. Tumia barua yako, na kama ni ya kabla ya nyongeza, tumia waraka wa mishahara unaotumika sasa, ambao afisa utumishi wa halmashauri anao.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Mshahara unaanza kuhesabiwa tangu siku uliyoripoti kazini, wala si tangu tarehe iliyo juu ya barua au siku majina yalipotangazwa. Ukiripoti katikati ya mwezi, mwezi huo wa kwanza hauwezi kuwa mzima.

Chukua kwamba mwalimu wetu angeripoti tarehe 13 ya mwezi wenye siku 30. Amefanya kazi siku 18:

```
800,000 x 18 / 30 = 480,000
```

Hiyo 480,000 ndiyo ingekuwa mshahara wake wa mwezi huo, na makato yote yangepigwa hapo. Chukulia hesabu hii kama makadirio. Mwajiri akigawa kwa siku za kazi badala ya siku za mwezi, matokeo yatasogea kidogo.

Hutokea pia kwamba taarifa zako zimeingizwa kwenye mfumo baada ya malipo ya mwezi huo kufungwa. Hapo utaona mwezi wa kwanza umepita kimya, na siku zile zinabaki kuwa madai yako. Hayo ni malimbikizo, na hayajitokezi yenyewe kila mara: andika barua ya kuyaomba, ambatisha ushahidi wa tarehe ya kuripoti, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Halafu usiitafute posho ya kujikimu ya ajira mpya kwenye hati hii. Hiyo hulipwa na halmashauri kwa njia yake, nje ya mshahara.

Kwenye hatua zinazofuata tunaendelea na mwezi kamili wa 800,000.

Hatua ya 3: Toa PSSSF kwanza

Mtumishi wa umma ni mwanachama wa PSSSF, mfuko ulioanza mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Wewe unachangia asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anachangia asilimia 15 juu yake.

```
800,000 x 5% = 40,000
```

Ile 15% ya mwajiri, yaani 120,000, haitoki mfukoni mwako. Ukiikuta imeandikwa mahali kwenye hati, ni taarifa tu. Kosa la kawaida kabisa ni mwalimu kujumlisha michango yote miwili, akapata 160,000, kisha akalalamika kwamba mfuko unamla asilimia 20.

Kato hili lazima lifanyike kwanza kwa sababu linapunguza kiasi kinachotozwa kodi. Ukibadilisha mpangilio, hesabu ya kodi haitakubaliana na hati na utadhani kuna kosa.

Hatua ya 4: Kokotoa kodi, maarufu kama PAYE

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Kodi ya Lipa Kadri Unavyopata haina kiwango kimoja. Mshahara hukatwa vipande, na kila kipande kina asilimia yake. Vipande vya mwezi kwa mkaazi wa Bara, kama vinavyotumika tangu Julai 2021, ni hivi:

```
Hadi 270,000            hakuna kodi
270,001 - 520,000       8% ya kinachozidi 270,000
520,001 - 760,000       20,000 + 20% ya kinachozidi 520,000
760,001 - 1,000,000     68,000 + 25% ya kinachozidi 760,000
Zaidi ya 1,000,000      128,000 + 30% ya kinachozidi 1,000,000
```

Sasa toa PSSSF kwenye mshahara, halafu tafuta kilichobaki kinaangukia mstari gani.

```
Mshahara wa msingi       800,000
Toa PSSSF                 40,000
Kinachotozwa kodi        760,000

760,000 - 520,000      = 240,000
240,000 x 20%          =  48,000
20,000 + 48,000        =  68,000   <- PAYE
```

Kodi yake ni 68,000. Ukiigawa kwa mshahara wote unapata asilimia 8.5, ingawa yuko kwenye mstari wa asilimia 20. Hakuna ubishi hapo: shilingi 270,000 za kwanza hazikuguswa kabisa, 250,000 zilizofuata zilitozwa asilimia 8, na ni 240,000 za juu peke yake zilizotozwa asilimia 20.

Makosa matatu hujirudia hapa. La kwanza ni kuzidisha mshahara mzima kwa asilimia ya mstari: 800,000 mara 20% ni 160,000, na mwalimu anaanza kujiuliza kwa nini TRA imemhurumia. La pili ni kusahau kutoa PSSSF kabla. Ukianza na 800,000 unaangukia mstari wa asilimia 25 na kupata 78,000, zaidi ya hati kwa 10,000 kamili. Tofauti ya namna hiyo ukiiona, rudi hatua ya tatu kabla ya kumlaumu mtu. La tatu ni kutoa kila kitu kabla ya kodi: bima, mkopo wa chuo, ada ya chama. Hivyo havipunguzi kodi. Mchango wa hifadhi ya jamii ndio unaopunguza.

Kuna hofu nyingine inayosikika sana kwenye ofisi za walimu, kwamba nyongeza ndogo ikikuvusha mstari unaofuata utapata pungufu kuliko mwanzo. Si kweli, na unaweza kujihakikishia. Mwalimu wetu yuko ukingoni kabisa mwa mstari wa asilimia 25. Aongezwe 10,000: PSSSF itachukua 500, kodi itachukua asilimia 25 ya 9,500 zilizobaki ambayo ni 2,375, na makato mengine utakayoyaona hapa chini yatachukua 2,000. Anabaki na 5,125 zaidi. Ni nusu ya alichoongezwa, na inauma, lakini ni nyongeza.

Hatua ya 5: Bima ya afya

NHIF kwa mtumishi wa umma ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi. Nusu ni yako, nusu ya mwajiri.

```
800,000 x 3% = 24,000
```

Kato hili huanza hata kama huna kadi mkononi. Likishaonekana kwenye hati, fuatilia usajili wako mara moja, pamoja na mwenza na wategemezi wanaoruhusiwa, hadi wanne. Kuna walimu wanaokatwa miezi mingi huku wakilipa hospitali kwa fedha taslimu, kwa sababu tu fomu haikurudishwa halmashauri.

Hatua ya 6: Mkopo wa elimu ya juu

Kwa aliyesomeshwa na HESLB, hili ndilo kato kubwa kuliko yote, na ndilo lililoeleza karibu nusu ya pengo la mwalimu wetu.

```
800,000 x 15% = 120,000
```

Ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, si ya kilichobaki baada ya kodi. Halihitaji saini yako. Sheria inamtaka mwajiri kutoa taarifa ya mhitimu aliyemwajiri ndani ya siku 28, na bodi ikithibitisha kuwa unadaiwa, makato huanza. Kwa hiyo inawezekana hati ya kwanza isiwe na mstari huu, kisha hati ya pili au ya tatu ikaja nao. Wengi hushtuka zaidi hapo, maana walishapanga chumba na kuanza kutuma fedha nyumbani kwa hesabu ya mwezi wa kwanza. Kama ulikopa na mstari haupo, weka kando ile 120,000 mwenyewe na uishi kwa kilichobaki tangu mwanzo.

Deni litachukua muda gani? Gawa salio kwa kato la mwezi. Anayedaiwa 10,000,000 akikatwa 120,000 atamaliza kwa miezi 84, yaani miaka 7, na mshahara ukipanda kato linapanda pia, hivyo atamaliza mapema kidogo. Walimu waliotutangulia watakuambia kwamba deni la bodi haliishi. Walikuwa na sababu: ilikuwepo tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 kwa mwaka, na wengine waliona salio likikua huku wanakatwa. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Sasa kila unachokatwa kinapunguza deni, nawe una haki ya kuomba taarifa ya salio uone kama kweli linashuka.

Hatua ya 7: Ada ya chama cha walimu

Ada ya CWT ni asilimia 2 ya mshahara.

```
800,000 x 2% = 16,000
```

Swali linalofuata huwa: "Mbona sikujiunga?" Angalia kwanza karatasi ulizosaini siku ya kuripoti. Fomu ya TUF 6, inayomruhusu mwajiri kukata ada ya chama, huwa kati ya fomu nyingi zinazopitishwa mezani siku hiyo, na mgeni mwenye mabegi bado mlangoni husaini zote. Kama hukuisaini, bado lipo jambo la pili: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi kuwa na makubaliano na mwajiri ya kumkata ada ya uwakala hata asiye mwanachama. Aliyesaini akitaka kusitisha idhini yake hutoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Kulalamika ofisini mwa walimu hakusitishi kato.

Hatua ya 8: Jumlisha, kisha linganisha mstari kwa mstari

```
Mshahara wa msingi       800,000
PSSSF        5%           40,000
PAYE                      68,000
NHIF         3%           24,000
HESLB       15%          120,000
CWT          2%           16,000
Jumla ya makato          268,000
Kinachobaki              532,000
```

Hesabu imetua. Pengo lote la 268,000 limepatiwa maelezo, na mwalimu wetu hana madai. Ingekuwa hakukopa chuo, angebaki na 652,000.

Linganisha kila mstari peke yake, usilinganishe jumla tu. Jumla inaweza kukaribiana huku kodi imezidi na bima haipo kabisa. Tofauti ya shilingi moja au mbili ni kukaribisha namba, iache. Tofauti ya mamia au maelfu ina sababu, na mara nyingi ukubwa wake unakuambia sababu ni ipi. Ikiwa sawa na asilimia 2 ya mshahara wako, tazama mstari wa chama; ikiwa asilimia 3, tazama bima.

Aliyeanza katikati ya mwezi afanye hesabu hii hii kwa kiasi cha siku zake. Ile 480,000 ya hatua ya pili ingekatwa PSSSF 24,000, kodi 14,880, bima 14,400, mkopo 72,000 na chama 9,600, ikabaki 345,120. Tazama kodi: haikushuka kwa uwiano wa siku, imeshuka zaidi, kwa kuwa kiasi kimeteremka hadi mstari wa asilimia 8. Ndiyo maana huwezi kuchukua hati ya mwezi pungufu ukaizidisha kujua mwezi kamili utakuwaje. Anayefanya hivyo hapa atapata 575,200, na mwezi ujao atakuta 532,000.

Kabla ya kusaini mkopo wa benki

Wakopeshaji huwafuata walimu wapya mapema mno, wengine kabla ya mshahara wa pili. Utaratibu wa utumishi wa umma ni kwamba baada ya makato yote mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa 800,000, theluthi ni 266,667. Mwalimu wetu anabaki na 532,000, hivyo mkopeshaji ataona nafasi ya kumkata hadi 265,333 kila mwezi, na atamwambia kwamba "anakopesheka" kwa kiwango hicho. Hiyo ni hesabu ya usalama wa mkopeshaji. Toa kwenye 266,667 kodi ya chumba, nauli na chakula cha mwezi uone kama kinabaki kitu. Na kama bodi ya mikopo haijaanza kukukata, nafasi anayokuonyesha mkopeshaji ni ya uongo kwa 120,000 nzima.

Kwa mwalimu wa shule binafsi

Njia ni ile ile, na tofauti ni chache. Mfuko wako ni NSSF, na sehemu yako haiwezi kuzidi asilimia 10. Kwa 800,000 ni 80,000. Kinachotozwa kodi ni 720,000. Kodi ni 20,000 na asilimia 20 ya 200,000, jumla 60,000. Mkopo wa chuo 120,000. Unabaki na 540,000, kama shule haina makato mengine ya bima au chama.

Soma mkataba uone kama kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya makato. Baadhi ya shule huandika namba tupu bila kusema. Michango miwili haipaswi kuonekana kwenye makato yako kamwe: ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL). Zote ni za mwajiri. Na kuhusu makato ya sare, chakula cha mchana au kiti kilichovunjika: kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamruhusu mwajiri kukata pale tu sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au ya usuluhishi inapomruhusu, au wewe ulipokubali kwa maandishi.

Hesabu ikikataa: pa kuanzia

*Kinachobaki kwenye hati ni sahihi, lakini benki ni pungufu.* Kosa haliko kwa mwajiri. Chukua taarifa ya akaunti; utakuta ada ya mwezi ya akaunti, gharama ya ujumbe au ya kadi. Zimekatwa baada ya mshahara kuingia.

*Daraja au mshahara wa msingi si wa barua yangu.* Andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, ambatisha barua ya ajira, cheti cha kitaaluma na hati ya mshahara, na taja tofauti kwa kila mwezi. Fanya hivyo mwezi huo huo. Kosa la daraja likikaa mwaka mzima linageuka madai ya malimbikizo, na malimbikizo huhakikiwa upya kwa nyaraka ambazo huenda wakati huo hazipatikani tena kirahisi.

*Nakatwa HESLB na sikukopa hata shilingi.* Mara nyingi ni mkanganyiko wa majina au namba ya kidato cha nne. Peleka bodi namba yako sahihi ya mtihani, kitambulisho cha taifa na hati inayoonyesha kato, ukiomba barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi na kurejeshewa kilichokatwa. Afisa utumishi hawezi kuondoa kato hilo kwa maneno yako tu. Anahitaji barua ya bodi.

*Nilishalipa deni lote, makato yanaendelea.* Omba bodi barua ya kumaliza deni na uiwasilishe kwa mwajiri, kisha dai kilichozidi. Anza kuomba salio miezi mitatu kabla ya mwisho ili barua ikukute tayari.

*Mwezi mmoja kodi imeruka ghafla.* Angalia kama umelipwa malimbikizo pamoja na mshahara. Kiasi kilichounganishwa huweza kupanda hadi mstari wa asilimia 25 au 30. Mwezi unaofuata kodi ikirudi palepale, sababu ilikuwa hiyo.

*Kuna kato la mkopo au bima ya maisha nisiyoijua.* Andika jina la taasisi na namba ya kato kama vilivyochapishwa, nenda kwa afisa utumishi uombe kuonyeshwa mkataba wenye saini yako. Mkataba usipokuwepo, omba kwa maandishi kato lisitishwe na lirudishwe. Usimpigie kwanza wakala wa mkopo: atakuahidi "litarekebishwa mwezi ujao", na huo mwezi ujao husogea.

*PSSSF inakatwa lakini sioni michango yangu.* Fungua taarifa zako kwenye programu ya simu ya PSSSF Kiganjani. Mchango wako na wa mwajiri vyote viwili vionekane, kwa mfano wetu 40,000 na 120,000. Vikikosekana kwa miezi miwili mfululizo, peleka hati za mshahara za miezi hiyo kwenye ofisi ya mfuko ya mkoa wako; huko ndiko watakapokuambia kama shida ni namba yako ya uanachama au ni fedha ambazo hazijafika.